Saa 4 Asubuhi, Kitanda Namba 6

   

Leo nataka tuzungumze kuhusu robo saa moja tu, ile inayokuwapo asubuhi wodini, muuguzi wa usiku anapojiandaa kuondoka na wa asubuhi anapoingia. Kama umewahi kuuguza mtu hospitalini, umewaona. Mmoja amekumbatia daftari kubwa la jalada gumu, macho yamemwiva kwa kukesha. Mwenzake amewasili sasa hivi, mkoba bado uko begani. Wanapita kitanda hadi kitanda, wanasemezana kwa sauti ya chini. Wanakabidhiana zamu.

Umewahi kujiuliza wanaambiana nini?

Mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi kabla ya kustaafu, na robo saa hiyo naijua. Usiku mzima muuguzi anaandika. Presha saa fulani, joto saa fulani, dawa ametoa, dripu amebadilisha, mgonjwa ametapika, ndugu amekuja, daktari amepita. Mgonjwa mmoja aliyelemewa anaweza kujaza ukurasa na nusu. Sasa wodi ina wagonjwa 28. Nani atasoma kurasa zote hizo saa 1 na nusu asubuhi, wakati mama wa kitanda cha pembeni anaita na mtoto wa kitanda cha pili analia? Hakuna. Kwa hiyo ni lazima maandishi yale yakamuliwe, kama tunavyokamua nazi, lipatikane tui zito la kumpa anayeingia. Ila machicha yetu hatuyatupi, yanabaki ndani ya faili, maana daktari atayahitaji.

Swali la leo ni hili: unakamuaje?

Ngoja niwape mgonjwa mmoja. Nimemtunga kutokana na wengi niliowahudumia, kwa hiyo usimtafute mtaani kwenu. Tumwite mama wa kitanda namba 6. Ana miaka 24, mimba yake ya kwanza. Kaletwa usiku, presha 170 kwa 115, na alipofika mapokezi akapata degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Saa 4 usiku akaanzishiwa dawa inayoitwa magnesiamu salfeti, ile ya kuzuia degedege lisirudi. Saa 7 usiku akafanyiwa upasuaji, mtoto akatoka salama. Saa 8 usiku akarudishwa wodini akiwa na dripu, na mpira wa mkojo umewekwa.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuhusu dawa hii, kwa sababu kisa chetu chote kimekaa hapo. Baada ya dozi kubwa ya kuanzia, mama huyu anachomwa gramu 5 kila baada ya saa 4, tako moja kisha jingine, mpaka zitimie saa 24 tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, lile lililokuja baadaye kati ya hayo mawili. Ni dawa nzuri sana, imeokoa akina mama wengi. Lakini mwilini inatolewa na figo, kupitia mkojo. Mkojo ukipungua, dawa inabaki ndani, na dozi inayofuata inapandia juu ya ile iliyobaki. Ikizidi, kwanza mguu unaacha kuruka ukigonga goti kwa kinyundo. Baadaye pumzi zinapungua. Baadaye tena moyo wenyewe.

Ndiyo maana kabla ya kila sindano muuguzi anaangalia mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu unaruka, na mkojo wa saa 4 zilizopita haujashuka chini ya mililita 120, yaani wastani wa 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, sindano inasubiri na daktari anaitwa. Tumeelewana? Pumzi, goti, mkojo.

Turudi kwa muuguzi wetu wa usiku. Ameandika vizuri, simlaumu. Saa 8 usiku: dozi ya pili imetolewa, tako la kushoto. Saa 9: mkojo 70. Kisha mistari mitatu kuhusu kidonda na pedi. Saa 10 alfajiri: mkojo 55, damu imechukuliwa kwenda maabara, kupima figo na chembe zinazogandisha damu. Kisha mgonjwa ameomba maji, dada yake ametumwa duka la dawa kwa sababu antibayotiki imeisha wodini. Saa 11: mkojo 40. Shuka zimebadilishwa. Saa 12 asubuhi: mkojo 30, goti linaruka, anapumua mara 18, dozi ya tatu imetolewa, tako la kulia. Presha 140 kwa 90. Saa 1 asubuhi: mkojo 20, mama amelala, anaendelea vizuri.

Umesikia hayo maneno ya mwisho? "Anaendelea vizuri."

Wasikilizaji, maneno hayo mawili ninayachukia kuliko kelele za gari la wagonjwa. Hayasemi kitu. Mama mwenye presha 140 anaendelea vizuri ukimlinganisha na alivyoingia. Lakini tazama mkojo peke yake: 70, 55, 40, 30, 20. Ukiangalia kila namba mahali pake, hakuna inayokushtua. Hata ukijumlisha saa 4 za mwisho unapata 145, bado uko juu ya mpaka. Sheria haijavunjwa. Ila ukizipanga mstari mmoja unaona ni mteremko, na mteremko hauishii saa 1 asubuhi kwa sababu zamu imeisha.

Na kwa nini muuguzi wa usiku hakuuona? Kwa sababu namba hizo alizitawanya katikati ya shuka, maji ya kunywa na dada aliyeenda duka la dawa. Kila moja aliiandika na kuendelea na wagonjwa wengine 27. Kukamua maandishi ndiyo nafasi yake ya kwanza ya kuona usiku wake wote kwa pamoja. Hilo vijana wengi hawalijui. Wanadhani muhtasari ni wa kumsaidia anayeingia tu, kumbe mara nyingi anayeandika ndiye anayeshtuka.

Basi anaandikaje? Nilivyowafundisha vijana wangu ni hivi. Dakika 20 kabla ya zamu kwisha, chukua karatasi moja. Pitia maandishi ya kila mgonjwa, na kila mstari uulize maswali matatu. La kwanza: hapa kuna kazi iliyobaki? Mimi naiita deni. La pili: hapa kuna kilichobadilika tangu nilipompokea? La tatu: hapa kuna kitu ambacho kisipofanyika mapema mtu ataumia? Mstari ambao hauna jibu kwa swali lolote kati ya hayo, uache kwenye faili ukapumzike. Narudia: deni, badiliko, haraka.

Tumjaribu mama wetu. Shuka zimebadilishwa: si deni, si badiliko, si haraka. Uache. Ameomba maji: uache. Damu imeenda maabara: je, majibu yamerudi? Hayajarudi. Hilo ni deni. Antibayotiki: dozi ya saa 12 haikutolewa kwa sababu dada hajarudi. Deni jingine. Presha imeshuka: badiliko. Mkojo unateremka: badiliko. Na sindano inayofuata ni saa 4 asubuhi, wakati mkojo unateremka: hapo ndipo penye haraka.

Hebu niwasomee muhtasari wake ulivyotoka, kama angeusema mbele ya kitanda:

"Kitanda namba 6, kifafa cha mimba, amefanyiwa upasuaji saa 7 usiku. Hajapata degedege tena tangu saa 4 usiku. Cha haraka: mkojo unapungua kila saa, kutoka 70 hadi 20. Sindano ya magnesiamu ni saa 4 asubuhi, kwenye chati imeandikwa 10:00, tako la kushoto. Usiichome kabla hujapima mkojo wa saa 4, goti na pumzi. Mkojo ukiwa chini ya 120, usichome, mwite daktari wa zamu. Presha 140 kwa 90, ikifika 160 kwa 110 mwite pia. Madeni mawili: majibu ya maabara ya figo na chembe za kugandisha damu, sampuli ilienda saa 10 alfajiri, fuatilia kabla ya saa 3. Antibayotiki ya saa 12 haijatolewa, dada yake yuko duka la dawa. Dawa ya kuzuia degedege inakwisha saa 7 usiku unaokuja."

Haifiki dakika moja. Na angalia alivyoanza. Cha haraka kimekaa mbele, kabla ya presha, kabla ya madeni. Anayesikiliza amechoka na daladala, ana mawazo ya mtoto aliyemwacha nyumbani na homa. Maneno ya kwanza ndiyo yanayoshika.

Sasa kuna jambo hapo nimelipitia haraka, acha nirudi nyuma kidogo. Mmesikia "saa 4 asubuhi, kwenye chati imeandikwa 10:00"? Hilo ni tatizo letu sisi tunaozungumza Kiswahili, na vitabu vya uuguzi vya ng'ambo haviwezi kutufundisha. Chati zinaandikwa kwa saa za kizungu, sisi tunasema kwa saa za Kiswahili. Kwenye chati kuna 10:00. Mtu aliyechoka anaisoma kama ilivyo: "saa kumi." Anayemsikia anaelewa jioni. Saa 6 zimepotea hapo.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilikuwa binti mdogo kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nikaambiwa kwa mdomo kwamba dawa ya mtoto fulani ni ya kumi. Nikaitikia. Nikasubiri mpaka saa 10 jioni, kumbe ilikuwa ya saa 4 asubuhi. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, lakini homa ilimpanda mchana mzima na mama yake alinitazama kwa macho ambayo hadi leo nayakumbuka. Tangu siku hiyo sikutaja saa ya dawa bila kutaja zote mbili, ya mdomoni na ya kwenye karatasi. Na ubaya zaidi uko kwenye maneno "kila saa nne". Ukimwambia mtu "dawa yake ni ya saa nne", umesema muda au umesema kituo? Sema "kila baada ya saa 4, inayofuata ni saa 4 asubuhi". Inachosha kusema, najua. Sema hivyohivyo.

Jambo la pili nililopitia haraka ni ile antibayotiki ambayo haikutolewa. Mnajua ni nini kigumu kuliko vyote katika kukabidhi zamu? Ni kusema ambacho hukukifanya. Kila mtu anapenda kutaja kazi alizomaliza. Nimempa dawa, nimempima, nimembadilishia dripu. Lakini kazi uliyoimaliza, mwenzako ataifanyia nini? Ataisoma kwenye faili akitaka. Anachohitaji ni ile ambayo haikufanyika, na sababu yake. Nimewahi kuona dozi inaruka zamu mbili kwa sababu wa usiku aliona aibu kusema haikuwepo, na wa asubuhi akadhani imetolewa. Wodi ambayo muuguzi kiongozi anagomba kila anaposikia "haikutolewa", baada ya miezi miwili hatasikia tena neno hilo. Dawa zitaendelea kukosekana, ila hataambiwa.

Na deni lisilo na saa si deni. "Majibu ya maabara yafuatiliwe." Yafuatiliwe na nani? Saa ngapi? Kama hujasema, kila mtu atadhani mwenzake anafuatilia. Tena deni linachakaa. Niliwahi kusimamia wodi ambapo kitanda namba 3 alikuwa "anasubiri picha ya eksirei" siku tatu mfululizo katika karatasi ya makabidhiano. Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe. Akacheka, akaitoa picha chini ya mto wake! Kila zamu ilikuwa inanakili karatasi ya zamu iliyopita. Kwa hiyo muhtasari unaandikwa upya kutoka kwenye faili na chati kila zamu, na kila deni liandikiwe lilizaliwa lini. Deni lenye umri wa zamu mbili na halina habari mpya, kalitazame kwa macho.

Mtaniuliza, je, wagonjwa wengine 27? Wengi wao hawana neno. "Kitanda namba 11, amejifungua kawaida juzi, hana deni, anasubiri ruhusa ya daktari." Imetosha. Ukimpa huyo muda sawa na mama wa kitanda namba 6, umemwibia namba 6. Na usianzie kitanda namba 1 kwa sababu kiko karibu na mlango. Anzia kwa aliyelemewa zaidi, wakati masikio bado mapya.

Wauguzi wanaonisikiliza wanasema moyoni, mbona bibi huyu hataji SBAR? Nitaitaja. Ni mpangilio wa kusema hali, usuli, tathmini na pendekezo. Ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ndipo ukaingia hospitalini. Ni mzuri sana unapompigia daktari simu usiku kuhusu mgonjwa mmoja. Kwa wodi nzima asubuhi, mimi nauona mzito, unawalazimisha kusema usuli wa watu ambao usuli wao hauna tatizo. Lakini kama wodi yenu mmeuzoea, endeleeni nao. Ninachokataa ni kukosa mpangilio wowote.

Turudi kitandani. Binti wa zamu ya asubuhi amefika.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Njoo tuanzie namba 6."

Wanasimama miguuni pa kitanda. Sista anasoma muhtasari wake. Akimaliza, binti hasemi "sawa". Anasema, "Sista, naomba nirudie." Anarudia: mkojo unashuka, sindano saa 4, 10:00 ya kwenye chati, tako la kushoto, asipopima hachomi, chini ya 120 anamwita daktari, maabara kabla ya saa 3, antibayotiki bado. Kisha anainama, anatazama mfuko wa mkojo na kufuata mpira wake kwa vidole hadi juu, kuona kama mama ameulalia au umejikunja. Haujajikunja. Kwa hiyo mkojo umepungua kweli.

Kurudia huko kunaonekana kama mchezo wa shule, lakini ndiko kunakokamata "saa kumi" iliyosikika vibaya. Na kuinama kule kunakamata ambacho karatasi haikubeba.

Saa 2 asubuhi mkojo 20. Saa 3, 15. Kabla ya saa hiyo binti alishampigia mtu wa maabara, majibu ya figo yalikuwa tayari yamekaa mezani hayajachukuliwa. Saa 4, mkojo 15. Akajumlisha saa 4 zilizopita: 20, 20, 15, 15. Ni 70. Akagonga goti, mguu ukasogea kidogo sana. Pumzi 16. Sindano ilikuwa tayari imevutwa kwenye trei. Hakuichoma. Akaiweka kalsiamu glukoneti karibu, ile dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, akamwita daktari.

Angeambiwa "anaendelea vizuri, dawa yake kila saa nne", angefanya nini? Binti mzuri angepima yale matatu hata bila kuambiwa. Lakini saa 4 asubuhi ni wakati wa daktari kupita wodini, wa ruhusa, wa chai, wa ndugu kuuliza bili. Ni rahisi sana kuchoma kwanza na kupima baadaye.

Naomba nimalizie na ninyi mnaouguza, msio na sare. Kesho asubuhi ukifika wodini ukawakuta wauguzi wawili wamesimama miguuni pa kitanda na karatasi, wanasomeana, najua una swali. Unataka kujua chai ya mgonjwa wako inaingia mlango gani. Kaa kwenye benchi robo saa, uwaulize wakimaliza. Isipokuwa mgonjwa wako amezimia au anavuja damu. Hapo piga kelele.

Usiku mwema.